Saa Nane, Siyo Saa Tisa

Siku hizi simu yenyewe inakwambia huko unakopiga ni saa ngapi, na wala hakuna anayeshangaa. Enzi zetu pale Bariadi aliyejua saa za Ulaya nilikuwa mimi, na nilihakikisha mji mzima unafahamu hivyo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na mdomo ambao mama yangu alisema siku moja utaniletea balaa. Hakukosea, ila balaa lenyewe sikulilipia mimi.

Soko huria lilikuwa limeshaingia. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, mabasi ya watu binafsi yalikimbizana kwenda Mwanza, na kila mwenye fremu karibu na stendi alikuwa na kitu cha kuuza. Tajiri wangu alikuwa Mwislamu mwenye duka la vitambaa. Akavuta laini ya simu, akanunua mashine ya faksi, akatenga kona ya duka kwa mbao na kuniweka mle ndani. Laini ilikuwa moja tu, simu na faksi zikigawana. Mtu akiongea, faksi haiingii, na anayetupigia anasikia mlio wa simu inayotumika.

Ukutani nilitundika saa mbili. Chini ya moja niliandika kwa rangi nyekundu BARIADI, chini ya nyingine ULAYA. Ndiyo, Ulaya yote, sikuona haja ya kuigawa. Nilianza kazi mwezi wa kumi na moja, na wateja wetu wachache wenye ndugu Uingereza walinifundisha kwamba wale wako nyuma yetu kwa saa tatu. Nikaiweka saa ya Ulaya nyuma saa tatu, basi, nikawa mtaalamu. Watu walikuja kuniuliza na mimi niliwajibu bila hata kuinua kichwa, kama daktari.

Faksi ya kwanza kuhusu kijana mmoja wa Nkoma iliingia katikati ya mwezi wa tatu. Ilitoka kwa kijana mwingine Mtanzania aliyekuwa katibu wa umoja wa wanafunzi wenzao huko Uingereza. Aliandika kwamba mwenzao, aliyekwenda kusomea kilimo kwa msaada wa kanisa, amefariki hospitalini kwa homa ya mapafu, na kwamba tafadhali familia yake itafutwe. Nilimpa kondakta wa basi la Nkoma barua fupi, nikaandika tu kwamba mama wa kijana anaombwa mjini. Sikuthubutu kuandika zaidi.

Mama alikuja kesho yake na kaka yake, mjomba wa marehemu. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, mkulima wa pamba, ukiitazama mikono yake tu unajua. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama, akaniitikia, akakaa kwenye benchi. Nilimsomea faksi ile kwa lugha yetu ya nyumbani. Hakupiga yowe. Aliniomba nimsomee tena, nikamsomea, ndipo akajifunika uso kwa khanga.

Mwili haukuweza kurudi, hadithi yake ni ndefu na sina moyo wa kuieleza. Ikaamuliwa azikwe kule kule. Wazungu huzika kwa ratiba, mtu anaweza kukaa wiki mbili, tatu akisubiri nafasi ya makaburini. Mama aliposikia hivyo aliuliza swali moja tu, kama ile simu inaweza kufika kaburini.

Alimaanisha hivyo hivyo alivyosema. Baba wa kijana yule alikufa mtoto akiwa masomoni, na mtoto hakuweza kuja kumzika. Sasa mama alitaka amuage mwanawe kwa sauti yake mwenyewe, amwambie aende kwa baba yake kwa amani na kwamba nyumbani hakuna mwenye kinyongo naye.

"Ila iwe kabla hajafunikwa," aliniambia. "Akishafunikwa udongo hasikii."

Nikampigia yule katibu. Mungu ambariki popote alipo, hakucheka wala hakusema haiwezekani. Alisema ana simu ya mkononi, ataishika karibu na jeneza, na mama ataongea. Siku chache baadaye akatuma faksi ya mpango: Ijumaa, wiki mbili kutoka pale, mazishi saa sita kamili mchana kwa saa za huko. Kwa saa za Tanzania ni saa tisa alasiri. Atapiga simu dakika kumi kabla. Kwanza Dar es Salaam, kwa baba mdogo wa marehemu, halafu Bariadi kwa mama. Niliinua macho ukutani, nikahesabu, tatu kamili. Nikamsifu kimoyomoyo kwamba naye anajua hesabu.

Mama akapelekewa taarifa: Ijumaa, saa tisa.

Jumatatu ya wiki ile ile ya mazishi, mashine ikalia tena. Faksi ilikuwa ya katibu, imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa, na juu kabisa ameandika UKUMBUSHO KWA WOTE WATAKAOSHIRIKI. Naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwangu. Ilisema kwamba usiku wa kuamkia jana, saa za Uingereza zimesogezwa mbele kwa saa moja kwa ajili ya majira ya joto. Mazishi hayakubadilika, yanabaki saa sita mchana ya huku. Ila kwa kuwa Tanzania hamsogezi saa, kwenu sasa itakuwa SAA NANE, siyo saa tisa. Tafadhali muwe karibu na simu kuanzia saa nane kasoro dakika kumi. Waambieni wote.

Mtu angeandika wazi zaidi ya hapo vipi? Hata leo najiuliza.

Lakini mimi nilikuwa mjuaji. Nilisoma nikacheka peke yangu mle kwenye kona. Saa kusogezwa! Nani kalisogeza jua? Nikawaza, huyu kijana wa watu msiba umemchanganya. Halafu nikapiga hesabu yangu: kama wamesogeza mbele, basi mbele ya tisa ni kumi, siyo nane. Nane ni kurudi nyuma. Kwa hiyo amekosea mwenyewe katika maelezo yake, anasema mbele halafu anarudi nyuma. Nikaitazama saa yangu ya Ulaya pale ukutani, inatembea vizuri, tatu nyuma kama siku zote, na nikaiamini ile saa yangu kuliko mtu aliyekuwa kule kule Ulaya.

Tajiri alipita akaniuliza faksi ile ni ya nani.

"Ya msiba wa Nkoma," nikamjibu. "Wanakumbusha tu."

"Wanakumbusha nini?"

"Muda. Ila wamechanganya kidogo, nimeshaelewa."

"Kama wamechanganya, si uwapigie uwaulize? Kuuliza si ujinga."

Nikasema sawa tajiri. Sikupiga. Mtaalamu wa saa za Ulaya apige Ulaya kuuliza saa? Nilijisemea kwamba huyu anasema nane, hesabu yangu inasema kumi, na makubaliano ni tisa. Tisa iko katikati. Tukae na tisa, hatutakosea sana. Nikaikunja faksi nikaiweka kwenye droo. Naona aibu kuyaandika haya, lakini hivi ndivyo nilivyofikiri, na wala sikuwa nimelewa.

Ijumaa mama alifika na basi la kwanza. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na gauni lake lilikuwa na tope hadi magotini, kwa sababu abiria walishushwa njiani kusukuma basi. Kaka yake alikuwa naye. Alinawa miguu kwa maji ya ndoo nyuma ya duka, akafunga khanga safi aliyokuja nayo kwenye mfuko, akakaa kwenye benchi akiielekea simu. Ilikuwa haijafika saa nne asubuhi.

"Mayu, bado sana," nikamwambia. "Nenda pale kwa mama ntilie ukale, upumzike. Simu ni saa tisa."

"Nitakaa hapa hapa, baba. Isije ikalia sipo."

Akakaa. Wateja walikuja, wakaongea, wakaondoka, naye akisogeza magoti wapite. Mara moja moja midomo yake ilikuwa ikitembea. Kaka yake alininong'oneza kwamba anayarudia maneno atakayosema, kwamba wiki mbili hizi amekuwa akiyasema shambani wakati wa palizi. Aliogopa atasahau akisikia sauti za Wazungu.

Tajiri alikwenda msikitini swala ya Ijumaa na alikuwa na kawaida ya kupitiliza nyumbani kula. Nilibaki mwenyewe.

Saa nane kasoro robo akaingia wakala wa dawa za pamba, mtu mnene mwenye haraka zake. Lori lake limekwama kwenye tope baada ya Dutwa, limejaa dawa ya kunyunyizia, na wadudu tayari wameshaingia kwenye pamba ya watu. Alitaka kupiga Mwanza, watume lori jingine la kuvuta. Nikatazama saa ya Bariadi, nikatazama ya Ulaya. Ulaya ilikuwa saa tano kasoro robo asubuhi. Nikaona tuna saa nzima na ushee mbele yetu.

"Ongea, mzee," nikamwambia, "ila saa tisa kasoro robo naitaka laini yangu."

Akaongea. Jamani, yule mtu aliongea. Kwanza alimtafuta dereva mkuu, akaambiwa asubiri, akasubiri mkono kiunoni. Akapewa mwingine, akamfokea. Wakaanza kubishana kuhusu mnyororo, mnyororo upo au haupo, nani aliuchukua mara ya mwisho. Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, mikono juu ya mapaja, akimsikiliza kwa adabu kama vile na habari za mnyororo zinamhusu. Wakala alipocheka kitu alichoambiwa, mama naye alitabasamu kidogo.

Nakumbuka mpaka vitu nisivyotaka kukumbuka. Nilikuwa nachonga penseli. Saa nane ikafika ikapita na mimi nachonga penseli.

Wakala alimaliza saa nane na dakika thelathini na tano. Aliweka mkono wa simu mahali pake, na kabla hajatoa hata pochi, simu ikalia. Mama akasimama.

Nikapokea. Ilikuwa sauti ya katibu, na nyuma yake upepo.

"Bariadi? Bariadi, jamani, mlikuwa wapi? Tunapiga tangu saa nane kasoro kumi, simu inatumika tu! Nimetuma na faksi, haiendi!"

Nikasema, "Si ni saa tisa?"

Katibu akasema polepole, "Ndugu yangu, mimi niliwatumia ukumbusho Jumatatu. Dar wameupata, baba mdogo ameshaongea. Tumemsubiri mama hadi wenye makaburi wakakataa, kuna maiti nyingine inaingia. Ilibidi niwatangazie watu kwamba mama hapatikani. Tumeshafukia."

Mama alikuwa amenyoosha mkono. Nilimpa simu, ningefanya nini? Akaishika kwa mikono miwili. Nilimsikia katibu akimwamkia, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba. Akasikiliza. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

"Amefunikwa?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu.

Sikusikia jibu.

"Wote wameondoka?"

Katibu alikuwa akieleza kitu kwa kirefu. Baadaye niliambiwa alikuwa anamsihi, kwamba yeye bado amesimama pale pale juu ya kaburi, kwamba aseme tu, ataishusha simu mpaka kwenye udongo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Usijisumbue. Hasikii tena."

Akampa kaka yake simu. Mjomba alikuwa hajui habari za ukumbusho. Alifoka, kwa nini mmebadilisha saa bila kutuambia, sisi siyo watu? Kisha akasikiliza jibu. Akageuka akanitazama mimi. Akauliza kwenye simu, "Jumatatu?" Akaiweka chini taratibu sana.

"Iko wapi hiyo karatasi?"

Nikafungua droo nikaitoa. Mjomba alikuwa anajua kusoma. Alisoma kwa sauti, kila neno, mpaka kwenye ile saa nane siyo saa tisa. Wakala wa dawa bado alikuwepo, akavua kofia yake na kutoka nje. Mjomba alinishika shati hapa shingoni na kuinua mkono wa pili, na wallahi nilitamani anipige. Mama ndiye aliyemwita kwa jina lake, mara moja tu, naye akaniachia.

Akanikazia macho. "Uliisoma?"

"Niliisoma, mayu."

"Uliielewa?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa hodari wa kudanganya. "Sikuielewa," nikasema. "Niliona kama wamekosea."

"Mbona hukuniambia?"

Nilitaka kumwambia kwamba asingeelewa mambo ya saa za Wazungu. Neno lilifika mpaka mdomoni. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekaa kwenye benchi langu tangu saa nne asubuhi. Kama ningemwambia tu kwamba kuna karatasi inasema nane na nyingine inasema tisa, angesema tu, basi simu isiguswe na mtu tangu asubuhi. Hakuhitaji hesabu yoyote. Hilo nililiona pale pale, nimesimama mbele yake, na nikaanza kulia kama mtoto, nikimwomba msamaha.

Hakunijibu kuhusu msamaha. Miaka mingi imepita, ameshafariki, na hakuwahi kunijibu. Alikaa tena kwenye benchi, akanyoosha khanga yake magotini, akaniuliza huko kwao sasa ni saa ngapi.

Nilitazama ile saa yangu ukutani, halafu nikaacha kuitazama. Nikahesabu kwa vidole, mbili nyuma badala ya tatu. "Ni saa saba kasoro, mayu. Mchana."

"Jua linawaka?"

"Sijui."

"Hata hilo hulijui," akasema, bila ukali. Tajiri alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na baraghashia yake mkononi, mjomba akimweleza kwa sauti ya chini. Alinitazama mara moja, akageuza macho.

Kisha mama akasema, "Chukua karatasi."

Nikachukua.

"Mwanangu amekwenda bila kunisikia. Hilo limekwisha. Lakini wale watu waliosimama pale wametangaziwa kwamba mama yake hapatikani. Watakwenda makwao wakisema yule kijana hakuwa na mama, au alikuwa na mama asiyejali. Sitaki. Waandikie."

Aliongea kwa Kisukuma na mimi niliandika kwa Kiswahili. Aliniambia niandike kwamba yeye ni mama yake, aliyemzaa na kumnyonyesha. Kwamba amefika Bariadi leo na basi la kwanza. Kwamba amekaa mbele ya simu tangu asubuhi na hakutoka hata kwenda kula. Alisubiri nimalize kila sentensi ndipo aseme nyingine, na aliponiona nasita aliirudia.

"Umeandika kwamba nilikuwepo?"

"Nimeandika."

"Andika sikuchelewa."

Nikaandika, hakuchelewa.

"Usiandike hakuchelewa. Andika mimi sikuchelewa. Ni mimi ninayesema."

Nikafuta, nikaandika mimi sikuchelewa.

"Sasa andika ni nani aliyeiweka karatasi ya saa kwenye droo."

Nilimtazama tajiri. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma juu ya bega langu. Niliandika jina langu, nikaandika la baba yangu, na la ukoo. Mama akaniambia nimsomee yote tangu mwanzo kwa sauti. Nikamsomea. Alitikisa kichwa kukubali, akanyoosha kidole kwenye mashine, nami nikaiingiza karatasi na kupiga namba za Uingereza, na safari ile laini ilikuwa wazi.